Mguu Mmoja Umevimba Baada ya Safari Ndefu: Namna ya Kupima, Kuamua na Kuwahi Hospitali

Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Mwanza kwa basi anakaa kitini zaidi ya kilomita 1,000. Akishuka, viatu vinambana, soksi zimemwachia alama, na miguu yote miwili imejaa. Miguu ikijaa yote miwili sawasawa kwa mtu ambaye ni mzima, kwa kawaida ni maji yaliyoshuka kwa sababu ya kukaa. Akilala usiku mmoja akiwa ameinua miguu kwenye mto, asubuhi anaikuta imepungua. Mwongozo huu unahusu jambo jingine: mguu mmoja unaovimba kuliko mwenzake, mara nyingi siku kadhaa baada ya safari, wakati msafiri ameshafua nguo, ameshagawa zawadi na ameshasahau kwamba alisafiri.

Mguu wa namna hiyo unaweza kuwa na donge la damu kwenye mshipa mkubwa wa ndani. Donge likibaki mguuni, linaleta maumivu na uvimbe. Likimeguka, kipande kinakwenda mapafuni, na kinaweza kuua ndani ya saa chache. Ugonjwa huu una dawa, na dawa zake zipo hata kwenye hospitali nyingi za mikoani. Watu wanapotea zaidi kwa sababu ya siku wanazozitumia nyumbani wakidhani ni uchovu wa gari.

Kinachotokea ndani ya mguu

Damu inashuka mguuni kwa nguvu ya moyo, lakini wakati wa kupanda haina nguvu hiyo tena. Inategemea shavu la mguu, yaani ile nyama ya nyuma kati ya goti na kisigino. Kila unapopiga hatua, nyama hiyo inajikaza, inaiminya mishipa ya ndani, na damu inapanda kama maji kwenye pampu ya mkono. Ndani ya mishipa mna vali zinazofunguka kuelekea juu tu, ili damu iliyopanda isirudi. Ukikaa saa nyingi bila kukanyaga, pampu imesimama. Damu inatuama kwenye vifuko vilivyo nyuma ya vali, na humo ndimo donge linaanza, likiwa dogo mno kuhisiwa. Likipata nafasi, linakua kuelekea juu: linafika nyuma ya goti, kisha paja, kisha kinena.

Daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliandika mambo haya katikati ya karne ya 19, na mpaka leo madaktari wanafundishwa sababu tatu zinazohusishwa na jina lake: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Safari inaleta ile ya kwanza tu. Mbili zilizobaki abiria anapanda nazo. Ndiyo maana watu hamsini wanakaa kwenye basi moja kwa saa zilezile, na huenda asipatikane hata mmoja mwenye donge.

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi inaongeza hatari hii mara mbili hadi tatu. Hata hivyo, kwa mtu mwenye afya njema hatari inabaki ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Utafiti huohuo ulihusu ndege, basi, treni na gari dogo. Kwa hiyo anayeruka kutoka Muscat kwenda Dar, anayekwenda Hija na anayepanda basi la Kampala hadi Nairobi wote wamo. Na hatari haiishi mtu anaposhuka. Inaendelea kwa wiki kama nne, ingawa siku za mwanzo ndizo kali zaidi.

Hatua ya kwanza: jikague kabla ya kukata tiketi

Jiulize unapanda na nini. Je, umefanyiwa upasuaji ndani ya miezi mitatu, hasa wa nyonga, goti au tumbo? Umevunjika mguu ukafungwa plasta? Una mimba, au umejifungua ndani ya wiki sita? Unameza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni? Unatibiwa saratani? Umewahi kuganda damu, wewe au mzazi au ndugu wa tumbo moja? Unene uliopita kiasi, umri mkubwa, kifua kikuu, VVU na ugonjwa wa selimundu navyo vinaongeza uwezekano.

Asiye na hata moja kati ya hayo atosheke na hatua inayofuata. Mwenye moja au mawili afikirie soksi za kubana, zile zinazoishia chini ya goti na zilizoandikwa 15–30 mmHg. Zinavaliwa asubuhi kabla miguu haijajaa, na zinavuliwa baada ya kufika. Saizi yake ni ya kupimwa. Soksi ndogo inayojikunja chini ya goti inaukaba mguu palepale na kuzidisha tatizo. Mwenye kisukari ambaye miguu yake ni ya baridi, imekufa ganzi au ina vidonda, asizivae mpaka aulize kwanza, kwa sababu huenda shida yake ni damu isiyoshuka vizuri.

Aliyewahi kuganda damu, au aliyetoka kupasuliwa juzi, aende kwa daktari kabla ya safari. Wengine hupewa sindano ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wakachomwa siku ya kuondoka. Aspirini usiimeze kwa ajili ya safari kwa kuwa jirani amekwambia inalainisha damu. Kinga yake kwenye mishipa hii ni ndogo, na tumbo linaweza kutoa damu.

Hatua ya pili: ndani ya basi

Siti ya njiani ni bora kuliko ya dirishani, kwa sababu anayekaa dirishani huona haya kumwamsha mwenzake ili apite. Usiweke begi wala kiroba mbele ya miguu. Watu wanafanya hivyo wakihofia mzigo kuibwa, kisha wanakaa saa kumi magoti yakiwa yamekunjwa na visigino vimerudi chini ya kiti. Anayepakata mtoto abadilishane na mwenzake, kwa sababu uzito wa mtoto unakandamiza mapaja kwenye ukingo wa kiti, na mishipa inayotoka nyuma ya goti inapita hapohapo.

Ukingo wa kiti una habari yake. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, watu walilala usiku kucha kwenye mahandaki wakiwa juu ya viti vya kukunja vya turubai. Daktari Keith Simpson, aliyekuwa akipasua maiti, aliona vifo vya donge la damu mapafuni vimeongezeka miongoni mwa watu hao, na akautaja ule mti wa mbele wa kiti uliokuwa ukiminya mapaja. Hawakuwa wamepanda ndege wala gari. Walikaa tu.

Kwa hiyo fanya hivi, kama kila nusu saa ukiwa macho. Kanyaga visigino chini, inua vidole juu mpaka uhisi nyama ya nyuma inavutika. Halafu kanyaga vidole, inua visigino mpaka shavu la mguu liwe gumu. Liguse kwa mkono uhakikishe limekaza. Rudia mara ishirini au thelathini. Kuchezesha vidole ndani ya kiatu hakutoshi, maana shavu la mguu halijafanya kazi.

Basi likisimama, shuka. Hata kama huna haja, tembea mpaka mwisho wa eneo la maegesho urudi. Akina mama wengi hawanywi maji tangu asubuhi kwa kuogopa kuomba gari lisimame wachimbe dawa porini, na ninaelewa kabisa kwa nini. Maji peke yake hayajathibitishwa kwamba yanazuia damu kuganda. Lakini mtu anayekunywa maji analazimika kushuka, na kule kushuka ndiko kunakomsaidia. Kwa sababu hiyohiyo, usimeze vidonge vya usingizi wala usilewe njiani. Mtu aliyelewa usingizi anakaa mkao mmoja toka Morogoro hadi Singida.

Hatua ya tatu: pima miguu yote miwili

Kwa wiki nne baada ya safari, angalia miguu unapooga au unapolala. Ukihisi shavu la mguu mmoja limekaza au linauma kama limeshikwa na mkazo usioachia, au mguu umekuwa na joto kuliko mwenzake, usibahatishe kwa macho. Pima.

Tafuta futi ya fundi cherehani. Kaa kitini, miguu ikanyage chini. Papasa mbele ya mguu, chini kidogo ya goti, utaona kinundu cha mfupa. Kutoka hapo shuka sentimita 10 na uweke alama kwa kalamu. Zungusha futi kwenye alama hiyo, iguse ngozi bila kubana, kisha soma. Fanya vilevile mguu wa pili, kwa umbali uleule wa sentimita 10, maana ukipima mguu mmoja juu kidogo na mwingine chini kidogo utapata tofauti ya uongo. Kama huna futi, tumia uzi, ukate, kisha uupime kwa rula ya mwanafunzi.

Tofauti ya sentimita moja ni ya kawaida kwa watu wengi. Inayozidi sentimita 3 ni jambo la kwenda nalo hospitali siku hiyohiyo. Halafu bonyeza kwa kidole gumba juu ya ugoko, uhesabu mpaka kumi, uachie. Kikibaki kishimo kwenye mguu mmoja na mwingine hauna, hiyo ni dalili ya pili. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu. Tumia mgongo wa mkono kulinganisha joto la miguu miwili, na angalia kama ngozi ya upande mmoja inang'aa na kuvutika.

Kuna ile njia ya zamani ya kukunja unyayo kuelekea juu ukisikiliza kama shavu la mguu litauma. Iache. Inauma kwa wengi wasio na donge, na haiumi kwa wengi walio nalo.

Uvimbe wa mguu mmoja una sababu nyingine pia. Msuli uliochanika kwa kawaida unakumbukwa: mtu aliteleza au alibeba mzigo mzito, na maumivu yakaanza saa ileile. Maambukizi ya ngozi huja na homa na mara nyingi kuna jeraha au fangasi kati ya vidole. Matende ya ukanda wa pwani hukua kwa miezi na miaka. Lakini hakuna hata moja kati ya haya unaloweza kulithibitisha ukiwa sebuleni, na hata daktari mzoefu hawezi kulikataa donge kwa kuangalia tu.

Hatua ya nne: usichuliwe

Hapa ndipo nyumbani panapoharibika mambo. Mguu unauma, na kila ukoo una mtu mwenye mkono mzuri wa kuchua. Anakuja na mafuta ya nazi au ya mnyonyo, anaanza kwenye kifundo cha mguu na kupandisha kwa vidole gumba viwili akifuata palepale panapouma. Anausukuma mshipa kwa njia ileile donge linayoweza kupita likielekea juu. Donge changa halijashika vizuri kwenye ukuta wa mshipa, na wapo wagonjwa walioripotiwa kupata donge mapafuni baada ya kuchuliwa mguu.

Kukanda kwa maji ya moto na chumvi nako kunapoteza siku, na aliyekufa ganzi miguu anaweza kuungua. Diklofenaki ya duka la dawa inapunguza maumivu, mtu anadhani amepona, na donge linaendelea kukua. Kama maumivu ni makali ukiwa njiani kwenda hospitali, meza parasetamoli. Mguu uinue unapokaa. Kutembea kawaida hakukatazwi.

Mfano, hatua kwa hatua

Tuchukue mwanamke wa miaka 34, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Ametoka Dar kwenda Mwanza kumsalimia shangazi yake, amekaa dirishani, amempakata mtoto sehemu kubwa ya njia. Siku ya nne anaamka shavu la mguu wa kushoto limekaza. Anachechemea kwenda jikoni.

"Huo ni uchovu wa gari tu, mwanangu," shangazi anasema. "Kaa hapo nikuchue, jioni utakuwa mzima."

"Nisamehe shangazi, leo usinichue. Naomba ile futi ya cherehani tupime kwanza."

Mguu wa kulia unasoma sentimita 37. Wa kushoto, 41. Tofauti ni 4. Wanabonyeza kwenye ugoko: kushoto kishimo kinabaki, kulia hakuna. Akibonyezwa katikati ya shavu la mguu, kwa ndani, anaruka kwa maumivu. Hana homa, hana jeraha, hakuteleza popote.

Hospitalini daktari anatumia jedwali la alama liitwalo Wells. Shavu la mguu lililozidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3 ni alama moja. Kishimo kwenye mguu unaougua tu ni moja. Maumivu kwenye njia ya mshipa wa ndani ni moja. Jumla tatu. Kama kungekuwa na maelezo mengine yenye uzito sawa, kwa mfano msuli uliochanika, angepunguziwa mbili, lakini hayapo. Kuanzia alama mbili, donge linahesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa, na mgonjwa anatakiwa kupigwa ultrasaundi ya mishipa ya mguu.

Angalia jambo moja kwenye jedwali hilo: safari haimo, na vidonge vya uzazi wa mpango havimo. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni anaweza asiviulize. Lazima mgonjwa aviseme mwenyewe.

Hatua ya tano: hospitalini useme nini

Sema kwa sentensi chache: "Nilisafiri kwa basi siku nne zilizopita, nimekaa karibu siku nzima. Mguu huu mmoja umevimba, nimepima una sentimita 4 zaidi ya mwingine. Natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Naogopa damu imeganda." Ukisema "mguu unauma" peke yake, utaondoka na diklofenaki.

Zahanati nyingi hazina kipimo chake, kwa hiyo nenda moja kwa moja mahali penye ultrasaundi, yaani hospitali ya wilaya au ya mkoa. Mpimaji anaweka kifaa kwenye kinena na kukibonyeza kidogo kidogo akishuka mpaka nyuma ya goti. Mshipa usio na donge unabonyea na kupotea kwenye skrini. Wenye donge haubonyei. Kipimo ni hicho tu, hakiumi wala hakina mionzi. Kwa yule mwanamke wa mfano wetu, mshipa wa nyuma ya goti haukubonyea, na jibu likawa limepatikana.

Kama wamepima kuanzia kinena hadi goti tu na wameona pako safi, lakini mguu bado umevimba, uliza tarehe ya kurudia baada ya wiki moja. Donge lililoko chini ya goti linaweza kuwa halikuonekana, na baadhi ya madonge hayo hupanda ndani ya siku hizo.

Kuna kipimo cha damu ambacho kwenye fomu ya maabara kinaandikwa D-dimer. Kinafaa kwa mtu mwenye alama chache: kikitoka chini, donge linaweza kukataliwa bila ultrasaundi. Kikitoka juu hakithibitishi kitu, kwa sababu kinapanda pia kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyepasuliwa na mwenye maambukizi. Usikubali kuanza dawa za miezi kwa sababu ya namba hiyo peke yake.

Na kama mtaalamu wa ultrasaundi hayupo mpaka kesho, muulize daktari hivi: "Naweza kuanza sindano ya kuzuia damu kuganda wakati nasubiri?" Kwa mwenye alama za juu asiye na hatari ya kutoka damu, huo ndio utaratibu unaokubalika.

Donge likifika mapafuni

Mishipa inayorudisha damu inazidi kupanuka kadiri inavyokaribia moyo. Kipande kilichomeguka kwenye paja kinapita kinenani, kinaingia mshipa mkuu wa tumboni, kinaingia upande wa kulia wa moyo na kutoka, bila kukuta mahali pembamba pa kukizuia. Mahali pa kwanza ambapo mishipa inagawanyika na kuwa myembamba ni mapafuni. Ndiyo maana donge la mguuni kwa kawaida haliendi kwenye ubongo, kama watu wengi wanavyoamini. Kiharusi huwa na njia nyingine.

Kipande kidogo kinakwama pembezoni mwa pafu na kuudhi utando wake. Mtu anapata kichomi kikali akivuta pumzi ndefu, na pengine kikohozi chenye damu kidogo. Kipande kikubwa kinaziba njia kuu. Hewa inaingia kwenye pafu lakini haikuti damu ya kuipokea, kwa hiyo mtu anahema huku kifua kikiwa hakina kikohozi wala filimbi. Upande wa kulia wa moyo una ukuta mwembamba. Haukuumbwa kusukuma dhidi ya kizuizi kama hicho. Unapanuka, unachoka, damu inayofika upande wa kushoto inapungua, presha inashuka na mtu anaanguka. Wengine kuanguka huko chooni au mlangoni ndiyo dalili yao ya kwanza.

Dalili za kukimbia nazo ni hizi: kukosa pumzi kwa ghafla ambako jana hakukuwepo, kichomi cha pumzi, mapigo ya moyo yanayopita 100 kwa dakika ukiwa umekaa, kukohoa damu, kuzimia. Mguu unaweza usiwe umevimba kabisa, kwa sababu donge lote limeshaondoka, au kwa sababu lilikuwa juu, kwenye nyonga.

Hapo usisubiri kupima kwa futi. Mkalishe mgonjwa, asipande ngazi, asiendeshe mwenyewe, asipande bodaboda kama gari linapatikana. Mpelekeni hospitali yenye oksijeni, na anayemsindikiza aseme neno la safari mlangoni. Hili lina uzito, kwa kuwa picha ya eksirei ya kifua mara nyingi inaonekana karibu ya kawaida, na mgonjwa anaweza kutibiwa nimonia, pumu, malaria au wasiwasi, akarudishwa nyumbani. Kinachothibitisha ni skani ya CT ya mishipa ya mapafu yenye dawa ya kung'arisha. Isipokuwepo, ultrasaundi ya moyo na ya miguu inaweza kumpa daktari ushahidi wa kutosha kuanza dawa. Aliyeshuka presha hupewa dawa ya kuyeyusha donge, lakini hiyo ni kazi ya wodi ya uangalizi maalumu.

Hatua ya sita: dawa za miezi mitatu

Dawa za kawaida haziyeyushi donge. Zinalizuia lisikue wakati mwili wenyewe unaliyeyusha taratibu, na ndiyo maana muda wake haupungui miezi mitatu hata kama uvimbe umeisha wiki ya pili. Wengi wanaoacha mapema wanaacha kwa sababu mguu umepona na fedha zimekwisha. Mwambie daktari mapema kama bei inakushinda, achague mpango unaouweza.

Mpango wa bei nafuu ni sindano ya heparini pamoja na vidonge vya wafarini. Sindano inaendelea siku tano au zaidi, mpaka INR, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kiasi gani kuganda, ifike 2 na ikae hapo angalau saa 24, kisha vidonge peke yake, INR ikitunzwa kati ya 2 na 3. Hapa chakula kina sauti. Mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini. Huhitaji kuviacha. Kula kiasi kinachofanana kila wiki, maana anayekula mboga kila siku akaacha ghafla ndiye anayevuja damu.

Mpango wa pili ni vidonge kama rivaroksabani: miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa wiki tatu, kisha miligramu 20 mara moja, pamoja na chakula. Havihitaji INR, lakini rifampisini ya kifua kikuu inavidhoofisha, na baadhi ya ARV, hasa zenye ritonaviri, zinavipandisha. Taja kila dawa unayomeza. Mjamzito hapewi wafarini wala vidonge hivi, anatumia sindano.

Wakati wote wa dawa, achana na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya kujinunulia, na ukataze sindano za takoni bila daktari kujua. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi zisizoacha kutoka damu, au kichwa kuuma vibaya baada ya kujigonga, ni sababu za kurudi hospitali usiku huohuo.

Yule mwanamke wetu inabidi pia abadili njia ya uzazi wa mpango, achague isiyo na estrojeni, kama kitanzi. Asikae bila njia yoyote, kwa sababu wafarini inaharibu mimba changa.

Safari ya kurudi

Madaktari wengi hushauri kuahirisha safari ndefu kwa wiki za mwanzo, kama nne hivi, hata kama tiketi imeshalipwa. Baada ya hapo anaweza kurudi Dar akiwa kwenye dawa, na dawa zenyewe zinamlinda njiani. Akate siti ya njiani. Karatasi ya hospitali na dawa azibebe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi linalofungiwa kwenye buti ya basi, kwa sababu dozi itafika saa yake wakati gari liko barabarani. Na kama anameza rivaroksabani, aipange iangukie pale basi linaposimama kwa chakula, aimeze na wali au ugali, kisha atembee mpaka honi ipigwe.